Suruali Iliyoonekana Ndefu na Suruali Iliyoonekana Fupi: Uchambuzi wa Kisa cha Mikanda ya Mabegani

Usuli

Kisa hiki kinawahusu ndugu wawili wa tumbo moja waliokuwa wakijiandaa kwa harusi mjini Tabora, mkubwa akiwa ndiye bwana harusi na mdogo akiwa miongoni mwa vijana wa kumsindikiza. Majina yao, mtaa wao na kanisa lao nimeyaacha. Mimi ni fundi cherehani, na suruali ya bwana harusi niliishona mwenyewe, lakini ile ya mdogo wake ilinunuliwa dukani ikiwa tayari.

Wote wawili walitakiwa kuvaa mikanda ya mabegani, ambayo madukani wengi huiita sasipenda. Familia iliagiza jozi mbili kwa simu kutoka Dar es Salaam. Muuzaji aliuliza jambo moja tu, yaani urefu wa kila mvaaji, akajibiwa kwamba mkubwa ana futi 6 na mdogo ana futi 5 na inchi 7. Kwa majibu hayo akatuma jozi yenye alama ya ndefu kwa ajili ya mkubwa na jozi yenye alama ya fupi kwa ajili ya mdogo. Zote zilikuwa za aina moja: mpira mtupu kutoka mbele hadi nyuma, vibanio vya chuma vinne, na mikanda inayopishana mgongoni kwenye kipande cha ngozi.

Miili ya ndugu hao inahitaji kuelezwa kidogo, kwa kuwa ndiyo chanzo cha kisa. Mkubwa ni mrefu kwa miguu. Kiwiliwili chake, kutoka begani hadi kiunoni, ni kifupi kuliko cha watu wengi wa kimo chake. Mdogo ni kinyume chake, miguu yake ni ya wastani lakini kiwiliwili ni kirefu, kiasi kwamba wakiketi kwenye benchi moja mdogo humzidi kaka yake kidogo. Suruali zao nazo zilitofautiana kwa kina, na kwa kina nina maana ya umbali kutoka mshono wa msamba hadi ukingo wa juu wa kiuno cha suruali, ukipimwa mbele. Ya bwana harusi niliikata kwa kina cha inchi 12 na nusu, ikae kwenye kiuno chenyewe cha mwili, usawa wa kitovu. Ya mdogo wake ilikuwa na kina cha inchi 9, kama zilivyo suruali nyingi za dukani za miaka hii, ambazo hukaa kwenye mifupa ya nyonga.

Yaliyotokea

Siku chache kabla ya harusi, shangazi yao alinijia na suruali zote mbili zimekunjwa kwenye mfuko. Walikuwa wamejaribu mavazi nyumbani, na jamaa walikwisha kukata shauri.

"Fundi, hii ya bwana harusi ipunguze inchi moja na nusu, inakunjana juu ya viatu," alisema. "Na hii ya mdogo wake, kama pindo lina akiba, iteremshe kidogo, maana soksi zinaonekana."

Suruali ya bwana harusi nilikuwa nimeipima pindo lake nikiwa na mwenyewe mbele yangu, amevaa viatu vya siku ile, kiuno kikiwa mahali pake. Haikuwezekana iwe imerefuka. Nikamwomba shangazi awalete vijana wote wawili, wakiwa na viatu, mashati na mikanda, kabla sijashika mkasi. Hakufurahi, kwa sababu kazi aliyoiona kuwa ya nusu saa ilikuwa inageuka kuwa safari ya pili, lakini alikubali.

Walipovaa, hali ilikuwa hivi. Kwa bwana harusi, suruali ilikuwa imeshuka inchi moja na nusu chini ya pale nilipokusudia ikae, na bizimu za kurekebishia urefu wa mikanda zilikuwa zimepanda hadi chini kidogo ya mtulinga. Nilimwuliza kwa nini hawakuikaza zaidi ili suruali ipande. Akajibu kwamba walijaribu, lakini kila walipokaza, bizimu zilipanda hadi kwenye bega lenyewe, zikatuna chini ya koti na kumchoma alipoinua mkono, kwa hiyo wakairudisha na kuamua kwamba tatizo ni pindo.

Kwa mdogo wake mambo yalikuwa kinyume. Bizimu zilikuwa zimeshuka hadi karibu kabisa na vibanio vya mbele, maana yake mikanda ilikuwa imefunguliwa yote na hapakuwa na akiba iliyobaki. Mpira ulikuwa umevutika, suruali imepandishwa kama robo tatu ya inchi, na msamba umembana. Nilipomwambia aketi kwenye kiti na kuinama kama anayefunga kamba za viatu, kibanio kimoja cha nyuma kilifyatuka.

Vipimo

Badala ya kupima urefu wa mtu nilipima kile ambacho mkanda unapitia. Huu ndio moyo wa kazi yenyewe, na hatua zake nitazieleza kama nilivyozifanya.

Kwanza suruali ivaliwe bila mikanda, zipu imefungwa, na ipandishwe kwa mikono hadi msamba uguse mwili kwa wepesi, kisha ishushwe kidogo sana, kiasi cha mtu kuweza kuketi bila kubanwa. Hapo ndipo suruali hiyo, kwa kina chake, inapoweza kukaa juu ya mwili huo, na mahali pengine popote patakuwa pa kulazimisha. Niliweka pini ndogo kwenye shati usawa wa ukingo wa kiuno, mbele na nyuma, ili suruali ikiteleza wakati wa kupima nijue.

Kisha nilishika mwanzo wa futikamba kwenye ukingo wa mbele, juu ya mstari wa pasi, pale kibanio kinapobana, nikaipandisha hadi katikati ya bega na kusoma kipimo cha mbele. Kutoka hapo niliishusha mgongoni kwa mshazari, ikivuka uti wa mgongo kuelekea kibanio cha upande wa pili, nikasoma kipimo cha nyuma. Jumla ya vipimo hivyo viwili naiita njia ya mkanda. Mvaaji asimame kama anavyosimama siku zote na apumue kawaida, kwa sababu anayejikaza kifua mbele ya fundi huongeza kipimo cha mbele, na siku ya kuvaa mkanda utalegea.

Kwa bwana harusi, mbele palikuwa na inchi 17 na nyuma inchi 18, jumla inchi 35. Kwa mdogo wake, mbele inchi 21 na nyuma inchi 21 na nusu, jumla inchi 42 na nusu. Yule mfupi, basi, alihitaji mkanda uliouzidi wa kaka yake kwa inchi 7 na nusu.

Halafu nikapima mikanda yenyewe, ikiwa imelazwa mezani, bizimu zimeteremshwa hadi mwisho na mpira haukuvutwa, kutoka ncha ya kibanio cha mbele hadi ncha ya kibanio cha nyuma. Jozi iliyoitwa ndefu ilikuwa na inchi 46. Iliyoitwa fupi ilikuwa na inchi 40. Kwenye zote mbili, bizimu ikiwa chini kabisa hukaa kama inchi 5 juu ya ukingo wa suruali, yaani inchi 3 za kibanio na ngozi yake, na 2 za mkunjo wa mkanda usioweza kupungua.

Hesabu inayofuata ni rahisi, na inaeleza yote yaliyoonekana. Mkanda wa aina hii hufupishwa kwa kukunjwa juu yake wenyewe, kwa hiyo kila inchi moja unayoipunguza huipandisha bizimu inchi moja. Mkanda wa mpira mtupu nauweka inchi moja pungufu ya njia, ili mpira uvutike kidogo mtu akiwa amesimama na uweze kurudi akiinuka kutoka kwenye kiti. Bwana harusi alihitaji mkanda uliowekwa kwenye inchi 34. Kwa ule wa inchi 46 ilibidi apunguze inchi 12, na 12 ukijumlisha na zile 5 za chini unapata 17, ambayo ndiyo njia yake yote ya mbele. Bizimu ilikuwa lazima iketi juu ya kilele cha bega, na hakuna namna ya kukaza ambayo ingeizuia.

Walipoona hivyo nyumbani, waliulegeza hadi inchi 37, mpira ukavutika moja, na njia ikawa 38 badala ya 35. Inchi hizo 3 za ziada ziligawanyika mbele na nyuma, suruali ikashuka moja na nusu. Hicho ndicho kipimo kilekile ambacho shangazi alitaka nikate kwenye pindo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutokugusa pindo lolote. Pindo la suruali inayoning'inia mabegani halipimwi kabla mikanda haijakaa sawa, kwa sababu suruali hiyo haina mahali pengine pa kushikilia. Kiuno chake hulegezwa kwa makusudi, nami ya bwana harusi niliilegeza kwa inchi moja ili kitambaa kianguke wima kutoka kiunoni bila kubana. Kama ningekata inchi moja na nusu, kisha mikanda ikarekebishwa siku ya pili, bwana harusi angeingia kanisani miguu yake ikionekana juu ya viatu, na pindo lililokatwa halirudi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kubadilishana mikanda. Mrefu avae ile fupi, na mfupi avae ile ndefu. Jamaa waliokuwepo walisita, na mmoja wao akaniuliza kama alama za dukani hazina maana. Sikubishana naye, nilimwonyesha tu hesabu. Jozi ya inchi 40 ikiwekwa kwenye 34, bizimu hupanda inchi 6 juu ya zile 5, hukaa inchi 11 juu ya ukingo na inchi 6 chini ya kilele cha bega la bwana harusi, mahali ambapo kifua bado ni bapa na koti halituni. Jozi ya inchi 46 kwa mdogo wake ikiwekwa kwenye 41 na nusu, bizimu hukaa inchi 9 na nusu juu ya ukingo, usawa wa mbavu za chini. Rangi zilikuwa moja, kwa hiyo hapakuwa na gharama yoyote.

Nilifikiria pia kuifupisha jozi ndefu kwa kuikata na kuishona upya, jambo ambalo mafundi wengi wangelianza. Niliacha kwa sababu mshono unaokatisha mpira huufanya ugumu mahali pale, na ukiwa mgongoni huhisiwa kila mara mvaaji anapoegemea kiti. Zaidi ya hayo, kukata kungemsaidia mmoja na kumwacha mwingine na mkanda usiomfikia.

Uamuzi wa tatu ulihusu suruali ya mdogo pekee, na ndio ulionisumbua. Mtu aliyekuwepo alipendekeza aivute juu suruali yake hadi kiunoni kama ya kaka yake, ili wote wawili wafanane kwenye picha. Haikuwezekana. Kutoka msamba wake hadi kiuno cha mwili ni inchi 12, na suruali ina inchi 9. Mkanda wa begani hushikilia suruali pale kina chake kinapoifikisha, hauongezi kina. Ukiivuta zaidi ya hapo, ni msamba unaobeba, kama ulivyokuwa umeanza kumbana.

Suruali kukaa chini namna ile kulileta tatizo jingine. Mikanda inayopishana mgongoni hushikiliwa isiteleze mabegani na ule mshazari wake. Kadiri inavyopishana juu, karibu na makombe ya mabega, ndivyo inavyovutwa kuelekea shingoni. Inapopishana chini sana, sehemu ya juu husimama karibu wima, na bega lenye mteremko huiachia. Kwa mdogo, kipande cha ngozi kilikuwa kimeangukia inchi 7 tu juu ya ukingo wa suruali, na bega lake la kushoto limeteremka kidogo kuliko la kulia. Nilifumua nyuzi chache zilizokishikilia, nikakipandisha inchi 3, nikakishona kwa mkono. Vibanio vya nyuma nikavitenganisha zaidi ili mikanda isivunjike pembe pale inapopishana. Kazi hiyo ilichukua sehemu ndogo ya njia, nami nikaifidia kwa kuteremsha bizimu kidogo.

Matokeo

Baada ya kubadilishana, suruali ya bwana harusi ilirudi mahali pake, na pindo nililolipima mwanzo likagusa viatu kama ilivyotakiwa. Ya mdogo ilishuka robo tatu ya inchi na soksi zikafichika. Hakuna pindo lililokatwa wala kuteremshwa.

Nilimtaka bwana harusi aketi na kuinama, kwa kuwa siku ya harusi mtu hukaa meza kuu kwa saa nyingi. Kipimo chake cha nyuma kiliongezeka kutoka inchi 18 hadi 20 alipoinama. Mpira uliichukua tofauti hiyo bila vibanio kufyatuka, na aliposimama suruali ilirudi kwenye pini. Alivaa hivyo kutwa nzima, kuanzia kanisani hadi ukumbini, na jioni alipovua koti wakati wa kucheza bizimu zilikuwa bado usawa uleule.

Kwa mdogo wake mafanikio yalikuwa nusu. Msamba haukumbana na vibanio havikufyatuka tena, lakini mkanda wa kushoto uliteleza begani mara kadhaa wakati wa kucheza, na hatimaye alirudisha koti ili lizuie. Kukipandisha kile kipande cha ngozi kulisaidia alipokuwa amesimama na kutembea, hakukutosha mikono ilipokuwa juu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi hapa ni kupima njia badala ya kimo. Kimo cha mtu kinajumlisha miguu, na miguu haimo kabisa kwenye njia ya mkanda. Watu wawili wa futi 6 wanaweza kutofautiana sana kutoka begani hadi kiunoni, na muuzaji anayeuliza kimo peke yake anabahatisha kiwiliwili. Bahati hiyo huwa nzuri kwa wengi, kwa kuwa kwa kawaida warefu wana viwiliwili virefu, na ndiyo maana kosa hujitokeza kwa wachache na huonekana kama kosa la kitu kingine.

Hata hivyo nadhani jambo lenye uzito zaidi katika kisa hiki ni kina cha suruali, na mafundi wenzangu wengi hulipita haraka. Kama ndugu hawa wawili wangevaa suruali zinazokaa kwenye kiuno cha mwili, njia ya mkubwa ingekuwa inchi 35 na ya mdogo inchi 37. Tofauti ya viwiliwili vyao, ambayo macho yanaiona wazi, ina thamani ya inchi 2. Zilizobaki, inchi 5 na nusu, zilitoka kwenye suruali peke yake, kwa sababu suruali ya mdogo ilikaa inchi 3 chini ya kiuno kwa mbele na inchi 2 na nusu kwa nyuma. Kina huhesabiwa mara mbili, mara moja kifuani na mara moja mgongoni, kwa kuwa mkanda unashuka pande zote mbili. Kila inchi moja ambayo suruali inakaa chini zaidi huongeza njia kwa karibu inchi mbili. Ndiyo maana mtu yuleyule mmoja anaweza kuhitaji jozi ya inchi 40 kwa suruali ya kushonewa yenye kina kirefu, na jozi ya inchi 46 kwa suruali ya dukani, na asielewe kwa nini mkanda uliomkaa vizuri kwenye harusi ya mwaka jana haumfai kwenye sherehe ya mwaka huu.

Kwa hiyo suruali itangulie, mikanda ifuate. Familia hii iliagiza mikanda kabla mdogo hajanunua suruali, na hapo hata kipimo sahihi cha mwili kisingewasaidia. Suruali ikishajulikana, njia hupimwa, na mimi huchagua mkanda ambao, ukiwa umefunguliwa wote bila kuvutwa, unaizidi njia kwa inchi 3 hadi 6. Ukizidi chini ya hapo, akiba ya kurekebisha ni ndogo na bizimu inakaa karibu mno na kiuno cha suruali. Ukizidi zaidi ya hapo, bizimu inaelekea kwenye mtulinga. Jozi ya inchi 40 ilizidi njia ya bwana harusi kwa 5, na jozi ya inchi 46 ilizidi ya mdogo kwa 3 na nusu, zote ndani ya mipaka hiyo.

Mahali bizimu ilipo ndipo pa kuangalia kwanza, hata kabla ya futikamba. Nilipoiona moja chini ya mtulinga na nyingine karibu kabisa na kibanio, nilikwisha kujua ni mkanda upi mrefu na upi mfupi, na vipimo vilinithibitishia tu kiasi. Pindo linakuja mwisho kabisa katika uchunguzi, kwa sababu linaonyesha matokeo ya kila kitu kilicho juu yake. Suruali inayokunjana juu ya viatu huku bizimu ziko juu kifuani haina kosa la pindo. Na suruali inayoonyesha soksi huku msamba unabana haihitaji kuteremshwa.

Kilichoshindwa ni jaribio la kuifanya suruali ya kina kifupi ivaliwe na mikanda ya mabegani siku nzima ya kucheza. Urefu sahihi ulipatikana, lakini umbo la mgongoni halikupatikana, kwa kuwa kiuno kilichokaa chini huvuta makutano ya mikanda chini pamoja nacho, na mtu mwenye kiwiliwili kirefu ndiye anayeumia zaidi. Mikanda hii ilienea katika karne ya 19, wakati suruali za wanaume zilikatwa kukaa juu kiunoni, na kwa suruali ya namna hiyo makutano hukaa yenyewe pale yanapotakiwa. Kwa mdogo, tiba halisi ilikuwa suruali yenye kina cha inchi 11. Ingekaa inchi moja tu chini ya kiuno chake, njia ingepungua hadi kama inchi 39, na makutano yangepanda bila kufumua chochote. Kuongeza kina kwenye suruali iliyokwisha kushonwa si kazi ya kuahidi, kwa kuwa kitambaa cha msamba huachiwa akiba ndogo mno, na kuongeza kiuno kipana juu yake hubadilisha mifuko na zipu. Siku zilikuwa chache na suruali ya pili haikuwa kwenye bajeti ya familia, kwa hiyo nilichofanya ndicho kilichowezekana.

Vipimo vya kisa hiki havifai kunakiliwa kwa mtu mwenye kitambi. Kwa huyo, suruali mara nyingi hukaa chini ya tumbo kwa mbele na juu kiunoni kwa nyuma, njia ya mbele inazunguka tumbo, na kiasi cha mbele na cha nyuma huachana sana. Kwake jumla peke yake haitoshi. Kipimo cha mbele ndicho kitakachosema bizimu itaangukia wapi, nacho kisomwe akiwa amesimama na tena akiwa ameketi, kwa sababu tumbo hubadilisha mahali pake anapoketi. Na anayenunua kwa simu, awe na kitambi au asiwe nacho, amwombe muuzaji ailaze jozi mezani, ateremshe bizimu zote, asiuvute mpira, kisha amsomee kipimo kutoka ncha hadi ncha.